"Uko tayari kusafiri, kupiga shifti za usiku, kuhamia mkoa mwingine?" Ndiyo kavu, ndiyo yenye namba au hapana, ipi inakufaa

Simu ya kwanza ya kazi huwa fupi, na ikikaribia kuisha ndo linakuja lile swali, "sasa kaka, hii kazi ina safari safari, kuna na usiku kidogo, na kituo ni Mbeya, vipi uko tayari?" Hayo ni maswali matatu yamebanwa kwenye pumzi moja, na watu wengi wanayajibu yote kwa mpigo, "niko tayari kabisa", simu inakatwa, basi. Nimekaa upande wa anayepiga kwa miaka kadhaa, na niwaambie tu kwamba yule mtu ana fomu mbele yake na kwenye hayo maswali anatakiwa ajaze ndiyo, hapana, au ndiyo kwa masharti na masharti yenyewe ayaandike. Fomu inaenda kwa meneja mwenye uhitaji wa mtu, na ukipata kazi yale yale ndo yanageuka vipengele vya mkataba. Kwahiyo hapa silinganishi jibu lipi linasikika vizuri, nalinganisha kila jibu linageuka nini likishafika kwenye karatasi.

Tutumie mtu mmoja wa mfano tusipotee. Ni fundi wa minara ya simu, anakaa Mwanza, ameitwa na kampuni inayotaka awe Mbeya, besiki ni 900,000 kwa mwezi. Kazi yake ni kuzunguka kwenye saiti, kucheki jenereta na betri, na saiti ikizimika usiku anaamshwa, ndo wanaita onkoli. Bei za gesti na kodi za nyumba nitakazotaja ni za kukadiria, weka za kwako. Zinazohusu sheria zinatoka kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, yaani Tanzania bara, na sekta binafsi ndo naizungumzia zaidi maana serikalini ukipangiwa kituo unaripoti, huna wa kujadiliana nae kwenye simu.

Majibu yenyewe yako matatu. Ndiyo kavu ni "niko tayari" bila nyongeza. Ndiyo yenye namba ni "niko tayari, mpaka siku kadhaa, kuanzia tarehe fulani, kwa utaratibu fulani". Na hapana ni hapana. Kwa haraka haraka yanakaa hivi:

| Swali | Ndiyo kavu inageuka nini | Ndiyo yenye namba inageuka nini |
|---|---|---|
| Kusafiri | "atasafiri kadri kazi itakavyohitaji" | siku za juu kwa mwezi, na hela inatoka lini |
| Usiku | "saa za kazi zitategemea mahitaji" | shifti au onkoli, na malipo ya kila moja |
| Kuhama | kituo Mbeya, kufika ni juu yako | tarehe ya kuripoti, nani anahamisha, umetolewa wapi |

Sasa watu wanadhani ndiyo yenye namba ni kujidai, kwamba utaonekana msumbufu wakuache wamchukue mwingine. Inategemea unaitoa wapi. Kwenye ile fomu ya mtandaoni yenye vitufe viwili tu, Ndiyo na Hapana, hakuna sehemu ya kueleza, na ukibonyeza Hapana kuna uwezekano mkubwa wasifu wako usisomwe kabisa. Pale kama kuna kiasi chochote cha mshahara na utaratibu ambao ungekufanya ukubali, bonyeza Ndiyo, haujadanganya. Ila mtu akishakupigia simu mambo yamebadilika, ana muda wa kuandika sentensi, na kwa uzoefu wangu yule anayesema "mpaka usiku nane kwa mwezi haina shida" tulikuwa tunamwamini kuliko anayesema "popote, muda wowote", maana huyu wa popote ndo mara nyingi anapokea ofa halafu siku ya kuripoti hapokei simu. Meneja akishaumwa na mtu wa hivyo mara moja anaanza kuulizia masharti mwenyewe.

Kusafiri

Hapa ndiyo yenye namba inashinda na wala haina ubishi. Neno "safari" halina ukubwa, kuna kazi safari ni kwenda Tunduma asubuhi unarudi jioni unalala kwako, na kuna kazi unaondoka Jumatatu unaonekana Ijumaa. Tangazo likisema asilimia 40 ya muda ni safari, piga kwenye siku za kazi 22 za mwezi unapata kama siku 9. Sasa uliza, hizo 9 ni za kulala huko au za kwenda na kurudi? Swali hilo moja linabadilisha maisha yako ya nyumbani kuliko mshahara, hasa kama una mtoto mdogo au unauguza mzazi.

La pili ndo watu wanasahau, hela ya safari inatoka kabla au baada. Kampuni nyingine zinakupa masurufu mkononi kabla hujaondoka, ukirudi unapeleka risiti na chenji. Nyingine wanakupa posho ya kujikimu ya kiwango kimoja kwa kila usiku, ukila mihogo ukalala kwa shangazi inayobaki ni yako. Na nyingine wanakwambia tumia yako, leta risiti, utalipwa pamoja na mshahara. Huyo fundi wetu akilala nje usiku 8, gesti 35,000 na chakula 15,000, ni 50,000 mara 8, laki nne. Mtu wa besiki 900,000, kabla hata hajakatwa kodi na mfuko wa hifadhi, anaikopesha kampuni laki nne kila mwezi bila riba, na akipoteza risiti za gesti ya Chunya (na kuna gesti hazitoi risiti kabisa, si unajua) hiyo hela imeenda. Aliyejibu ndiyo kavu anayagundua haya safari ya kwanza akiwa stendi.

Kwahiyo jibu la simu hapa liwe kama hivi, "Ndiyo kaka, safari niko nazo vizuri, kulala nje mpaka usiku nane au tisa kwa mwezi ni sawa kwangu. Naomba tu kujua, hela ya kujikimu mnatoa kabla ya safari au tunarudishiwa?" Hakuna mtu wa ajira atakayekuchukia kwa hilo, ni swali la kawaida na jibu analo. Akianza kuzunguka zunguka, "aah hayo utaelewana na bosi huko huko", ujue ni ya kurudishiwa, au hakuna utaratibu kabisa.

Usiku

Kabla hujasema ndiyo au hapana inabidi ujue wanamaanisha usiku upi. Kisheria usiku unaanza saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa unayofanya humo unalipwa nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya besiki ya hiyo saa. Watu wakisikia nyongeza ya usiku wanachangamka, ngoja tupige hesabu. Saa moja inapatikana kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 unapata wa wiki, halafu unagawa kwa saa za kawaida za wiki, ambazo kiwango cha juu ni 45. 900,000 inatoa kama 4,616 kwa saa. Asilimia 5 yake ni shilingi 231. Ukipiga usiku 12 kwa mwezi, kila mmoja saa 10 za usiku, nyongeza yote ni kama 27,700. Sasa kama shifti yako inaisha saa sita usiku, saa za usiku ni nne tu, nyongeza kama 924, na daladala hakuna unarudi na bodaboda ya 5,000, nyongeza ya usiku huo haifiki hata robo ya nauli. Ndo maana kwenye kazi za shifti swali la usafiri wa kurudi nyumbani lina uzito kuliko swali la posho ya usiku, na kwa dada zetu ni la usalama pia. Shifti ya usiku kucha hadi asubuhi ina nafuu yake, unatoka magari yapo.

Ila fundi wetu sio mtu wa shifti, ni wa onkoli, na hapo ndo ndiyo kavu inauma. Mchana anafanya kazi zake kawaida, wiki imejaa, usiku anaamshwa saiti imezima. Hizo saa ziko juu ya zile 45, kwahiyo ni ovataimu, na ovataimu ni mara moja na nusu, na kwa kuwa ni usiku ile asilimia 5 inapigwa juu ya kiwango cha ovataimu. Yaani 4,616 inakuwa 6,924, ukiongeza asilimia 5 ni kama 7,270 kwa saa. Akiamshwa mara tano kwa mwezi na kila mara anatumia saa nne, ni saa 20, jumla 145,400. Sasa kampuni nyingi zinakwambia "tunatoa posho ya onkoli elfu hamsini". Elfu hamsini ya kukaa na simu imewaka tu ni makubaliano yenu, sawa, lakini saa ulizotoka kwenda saiti ni kitu kingine na hazimezwi na hiyo posho. Aliyesema "usiku haina shida" bila kutenganisha hivi viwili amejikuta kwenye mkataba kimeandikwa kipengele kimoja cha elfu hamsini kinachobeba vyote.

Kuna mambo mawili mengine yanayobadilisha hesabu. Ovataimu ina ukomo, saa 50 ndani ya wiki nne, na siku isizidi saa 12 pamoja na hiyo ovataimu. Na kuna ule utaratibu wa kubana wiki, ambapo kwa makubaliano ya maandishi unaweza kufanya mpaka saa 12 kwa siku bila kulipwa ovataimu, siku zisizozidi tano na saa za kawaida zikibaki 45 kwa wiki. Ukiona karatasi ya makubaliano ya saa imechomekwa nyuma ya mkataba ndo hiyo, isome kabla ya kusaini. Halafu kama unaajiriwa umeneja wa kuongoza watu na unaripoti moja kwa moja kwa wakubwa wa juu, sehemu kubwa ya ulinzi huu wa saa haikugusi, hapo unachokubaliana mdomoni ndo chako, kiandikwe.

Kwenye usiku hapana nayo inastahili nafasi yake kuliko kwenye yale mengine. Mjamzito akibakiza miezi miwili kujifungua hatakiwi kupangiwa usiku, na mama aliyejifungua mpaka miezi miwili vile vile, na mtu yeyote mwenye cheti cha daktari kwamba usiku haumfai. Huyu hana haja ya kueleza ugonjwa wake kwenye simu, "kwa sasa shifti za usiku siwezi, za mchana na jioni niko tayari" inatosha kabisa. Mtu anayejua usingizi wake ni mbovu au anaye mtoto wa kunyonya hana wa kumwachia, bora aseme mapema, kwa sababu kwenye usiku huwezi kuigiza zaidi ya wiki tatu, mwili utakuumbua na msimamizi ataona.

Jibu la fundi wetu, "Kuamshwa usiku nimezoea, kwa wiki za onkoli niko tayari. Mnagawana onkoli watu wangapi, na saa za kutoka mnalipa ovataimu mbali na posho?" Hilo la watu wangapi ni muhimu, wakiwa wawili maana yake kila wiki ya pili hulali, wakiwa wanne ni wiki moja kwa mwezi.

Kuhama

Hili ndo zito kuliko yote na ndo linajibiwa kirahisi kuliko yote, sijui kwa nini, labda kwa sababu Mbeya inasikika kama mahali pazuri pa kwenda ukiwa huna kazi.

Angalia hela kwanza. Akifika Mbeya atatafuta nyumba, wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo, tuseme 150,000 kwa mwezi hiyo ni 900,000, dalali anachukua ya mwezi mmoja, 150,000. Jumla 1,050,000 kabla hajapokea mshahara hata mmoja, na hapo hatujabeba kitanda. Sasa weka pembeni yake jambo lingine, mtu ambaye hajafikisha miezi sita kwa mwajiri hana ile kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo halali, kipindi ambacho kampuni nyingi wanakiita probesheni. Kwahiyo unalipa kodi ya miezi sita kwa ajili ya kazi ambayo ndani ya miezi hiyo hiyo sita ndo rahisi zaidi kukutoka. Ukiwa umebeba familia na umemhamisha mtoto shule, imekula kwako.

Ndo maana hapa ndiyo yenye namba nzuri ni ile inayotenganisha wewe na familia. "Niko tayari kuhamia Mbeya, naweza kuripoti ndani ya wiki tatu baada ya ofa. Nitatangulia peke yangu, familia itafuata nikishathibitishwa." Umesema ndiyo, umetoa tarehe, na umejiachia nafasi ya kupanga chumba kimoja badala ya nyumba nzima. Anayeajiri haoni tatizo, anataka mtu wa kuripoti tu, watoto wako wako wapi haimuhusu.

Halafu kuna kitu kimoja kwenye mkataba ambacho wengi wanakipita kama vile ni cha kujaza tu, mahali ulipoajiriwa, na hiki ni tofauti na mahali pa kazi. Vyote viwili vinatakiwa viandikwe kwenye maelezo ya ajira yako. Mkataba ukiisha ukiwa kituo kisicho pale ulipochukuliwa, mwajiri anatakiwa akurudishe na mizigo yako, au alipie usafiri, au akupe posho ya usafiri na ya kujikimu kwa zile siku za kusubiri kusafirishwa. Na hiyo posho ya usafiri isipungue nauli ya basi mpaka stendi iliyo karibu na mahali ulipochukuliwa. Fundi wetu alitafutwa akiwa Mwanza. Kama karatasi inasema alichukuliwa Mwanza, safari ya kurudi ni ya mwajiri. Kama kwenye simu alisema kwa bashasha "mimi hapo Mbeya nina ndugu, hata kesho nipo", akasafiri kwa nauli yake, akasaini pale ofisini Mbeya na kwenye nafasi ya mahali alipoajiriwa wakajaza Mbeya, basi siku ya kuondoka atapewa mkono wa kwaheri, na kudai inakuwa kazi kwa sababu sahihi ni yake. Sio lazima iwe hila, mara nyingi karani kajaza tu mji wa ofisi. Lakini wewe ndo wa kuliona.

Kuna tofauti pia kati ya "uko tayari kuhamia Mbeya" na "uko tayari kufanya kazi kituo chochote Tanzania". La pili ni kubwa kuliko linavyosikika, leo Mbeya mwakani Kigoma, na ukisema ndiyo kavu linaingia kama kipengele cha uhamisho na wakikuhamisha watakuonyesha. Ndiyo yenye namba yake ni "kituo cha kuanzia Mbeya sawa, uhamisho wa baadae tukubaliane taarifa ya mwezi mmoja na gharama za kuhamisha mizigo". Wengine watakubali nusu yake, wengine watakwambia sera ni moja kwa wote, angalau umejua kabla.

Ukishajibu, thibitisha kwa maandishi

Simu haiachi alama, na anayekupigia siku hiyo anaweza kuwa amepiga watu kumi na tano, akifika wa mwisho anachanganya. Jioni ile ile mtumie ujumbe, barua pepe au hata wasapu kama ndo alikotumia, mfupi wa kusomeka bila kushuka chini sana:

"Habari za jioni kaka. Asante kwa mazungumzo ya leo kuhusu nafasi ya fundi wa saiti. Nathibitisha kama tulivyoongea: safari za kulala nje niko tayari mpaka usiku 9 kwa mwezi kwa posho inayotolewa kabla, onkoli ya usiku niko tayari kwa zamu, saa za kutoka zikilipwa ovataimu, kuhamia Mbeya niko tayari kuripoti ndani ya wiki 3 baada ya ofa, nikitokea Mwanza. Nasubiri hatua inayofuata."

Ona hilo la "nikitokea Mwanza" limekaa kimya tu mwishoni, halijamgombeza mtu, ila siku ya mkataba unalo pa kuonyesha. Na usiandike jambo ambalo hamkuongea, kama posho kabla ya safari hakukubali andika "nasubiri uthibitisho wa utaratibu wa posho", ukimlisha maneno ataona na utapoteza zaidi ya ulichotaka kupata.

Na kama jibu lako kwa Mbeya ni hapana, litume mapema, siku hiyo hiyo, na useme ni hapana ya nini hasa. "Kuhama kwa mwaka huu siwezi, ila nafasi yoyote Mwanza, Shinyanga au Geita niko tayari hata yenye onkoli" ni jibu tuliloliweka kwenye faili na tukaja kulitumia, kwa sababu kampuni za minara zina saiti kila kona na fundi wa Geita nae siku moja ataacha kazi.